Kwa nini toleo la mchana lilishinda la usiku: jibu kuhusu mafaili mawili ya madeni

*Mtaalamu, shikamoo. Nauza vitenge kwa jumla Kariakoo, na madeni ya wateja nayaandika kwenye faili la Excel lililoko Dropbox. Mchana natumia simu dukani, usiku natumia kompyuta mpakato nyumbani Tabata. Juzi asubuhi nimekuta mafaili mawili: moja ni Madeni.xlsx, jingine lina jina hilohilo likifuatiwa na jina la kompyuta yangu na maneno “conflicted copy”. Lenye jina safi lina niliyoandika mchana kwenye simu, ya usiku hayamo. Kwa nini ya zamani imeishinda ya karibuni? Na sasa nifuate lipi?*

Marahaba, dada. Kwanza, usifute faili lolote kati ya hayo mawili, na usiandike deni jipya katika lolote mpaka umalize kuyaunganisha. Hakuna lililo kamili: moja lina ya mchana bila ya usiku, na jingine lina ya usiku bila ya mchana. Kufikia sasa hakuna ulichopoteza. Hasara hutokea pale mtu anapochagua faili moja kuwa ndilo sahihi na kulifuta jingine akidhani anafanya usafi.

Swali lako la kwanza lina jibu ambalo watu wengi hawalitarajii. Mfumo wa kusawazisha mafaili wa aina hii hauulizi ni toleo lipi limeandikwa baadaye. Unauliza kama aliyeandika alianzia kwenye toleo la mwisho lililokuwa kwenye seva. Hayo ni maswali mawili tofauti, na tofauti yake ndiyo iliyokuletea faili la pili.

Tufuate tukio lako hatua kwa hatua. Kila toleo la faili linalofika kwenye seva hupewa alama yake. Alama halisi ni mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka kwa urahisi, kwa hiyo hapa tutumie namba za kawaida. Tuseme Jumatatu usiku simu na kompyuta zote zilikuwa na toleo la 41. Jumanne saa 5 asubuhi ukiwa dukani uliandika malipo kwenye simu, simu ikiwa na bando, na mabadiliko yakaenda kwenye seva yakiwa na maelezo haya: hili ni faili jipya, nami nimelitengeneza kutoka toleo la 41. Seva ikaangalia, ikaona kwamba toleo lake la mwisho ni la 41 kweli, ikakubali, na toleo hilo la simu likawa la 42. Saa 3 usiku ukafungua faili kwenye kompyuta ambayo kwa sababu fulani ilikuwa haijapokea toleo la 42. Ukaandika, ukahifadhi, ukalala. Asubuhi kompyuta ilipopata intaneti ikapeleka kazi yake na kusema: hili ni faili jipya, nami nimelitengeneza kutoka toleo la 41. Seva ikaona kwamba toleo lake la mwisho sasa ni la 42. Maana yake ni kwamba aliyeandika kwenye kompyuta hakuyaona yaliyomo ndani ya la 42, na kulipokea faili lake kungeyafuta malipo ya mchana bila mtu yeyote kuamua yafutwe. Kwa hiyo haikuliruhusu likae juu ya Madeni.xlsx. Kazi yako ya usiku ikahifadhiwa pembeni kama faili tofauti, likiwa na jina la kompyuta yako na tarehe ya mgongano, kwa umbo hili:

```
Madeni (LAPTOP-DUKA's conflicted copy 2025-02-12).xlsx
```

Kwa hiyo jina safi huchukuliwa na aliyewahi kufika kwenye seva, na aliyechelewa kufika hupewa jina refu. Saa ya kuandika haihusiki kabisa. Lau simu ndiyo ingekuwa imeishiwa bando mchana na kompyuta ndiyo ingewahi kupeleka, ya mchana ndiyo yangekuwa yamewekwa pembeni katika faili la pili. Ningependa usilione faili hilo la pili kama kasoro ya mfumo. Ni ushahidi kwamba mfumo ulitambua kuwapo kwa kazi mbili zisizojuana na ukakataa kuitupa mojawapo, na kama nitakavyoeleza mbele, hali ya kutisha zaidi ni ile ambayo faili la pili halitokei.

Utaratibu huu wa kuangalia asili badala ya saa una historia ndefu. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha kwamba katika mtandao wa mashine nyingi unaweza kujua tukio lipi lilitangulia lipi kwa kufuata nani alipokea habari kutoka kwa nani, bila kuziamini saa za mashine hizo. Alionyesha pia kwamba yapo matukio mawili ambayo hakuna hata moja lililotangulia jingine kwa maana hiyo, kwa kuwa kila moja lilitokea bila kuwa na habari za mwenzake. Uandishi wako wa mchana na wa usiku ni matukio ya aina hiyo. Kwako wewe uliyeandika yote mawili, la usiku lilikuja baada ya la mchana. Kwa mashine mbili ambazo hazikuwasiliana, hakuna lililotangulia.

Sasa, kwa nini kompyuta ilikuwa nyuma? Sababu ya kwanza inayowezekana ni ile ya kawaida, kwamba nyumbani haikuwa na intaneti, au ulikuwa hujaiwashia simu igawe intaneti. Lakini ipo sababu ya pili ambayo huwakuta hata wenye intaneti wakati wote, nayo ni faili kuachwa wazi ndani ya Excel. Watu wengi hufunika kompyuta usiku bila kulifunga faili, na kesho yake wakifunua wanaendelea pale walipoishia. Kwenye Windows, Excel inapokuwa imelifungua faili huwa imelishikilia, na programu ya Dropbox haiwezi kuweka toleo jipya juu yake. Toleo la 42 linabaki likisubiri mlangoni, wewe unaendelea kuandika juu ya la 41 lililoko kwenye kioo, na unapohifadhi mgongano unazaliwa hapohapo, intaneti ikiwa hewani. Unaweza kutambua kama hali ni hii kwa kuangalia ndani ya folda ukiwa umewasha mwonekano wa mafaili yaliyofichwa: ukiona `~$Madeni.xlsx`, mahali fulani Excel bado imelishikilia faili hilo. Alama ya kijani yenye vema kwenye faili ina maana kwamba kilichoko kwenye diski kimelingana na seva, na mishale ya bluu inayozunguka ina maana kazi bado inaendelea. Kuisubiri hiyo ya kijani kabla ya kulifungua faili usiku, na tena kabla ya kufunika kompyuta, kungezuia migongano yako karibu yote.

Huenda ukajiuliza kwa nini mfumo haukuyachukua malipo ya mchana na ya usiku ukayaweka pamoja, ilhali uliyaandika kwenye mistari tofauti. Jibu liko katika umbo la faili lenyewe. Faili la .xlsx ni kifurushi kilichobanwa kwa mtindo wa zip, na ndani yake mna mafaili madogo ya XML yanayobeba karatasi, mitindo na maneno. Ukibadilisha seli moja, Excel hulifunga upya furushi zima. Programu ya kusawazisha, ambayo hulichukulia faili kama mlolongo wa baiti tu, haioni kwamba kilichobadilika ni deni la mteja mmoja. Inaona mafurushi mawili yasiyofanana na haina ufunguo wa kuingia ndani. Inachoweza kukuhakikishia ni kwamba mafurushi yote mawili yamehifadhiwa, na kazi ya kusoma yaliyomo inabaki kwako.

Nilisema kuna hali mbaya zaidi ambayo faili la pili halitokei, na ningekuomba uisome sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote. Ulinzi nilioueleza unalinganisha faili lililoko kwenye diski na lililoko kwenye seva. Haujui kilichoko kwenye kioo chako wala ulikokipata. Tuseme umejitumia Madeni.xlsx kwa WhatsApp ili ulifanyie kazi kwenye simu nyingine, na hilo ulilojitumia lilikuwa la 41. Siku mbili baadaye unalipakua kwenye kompyuta na kuliburuta ndani ya folda ya Dropbox, Windows inakuuliza kama ulibadilishe lililopo, nawe unakubali. Kwa macho ya Dropbox, kompyuta hii ilikuwa na toleo la 42 lililosawazishwa vizuri, kisha mwenye nalo akalibadilisha. Hakuna mgongano wowote hapo. Seva inapokea toleo la 43 lililotokana na la 42, na malipo yote yaliyokuwamo ndani ya la 42 yanatoweka kimya kimya. Jambo hilohilo hutokea kwa programu zisizolishikilia faili wakati zimelifungua: faili hubadilishwa chini yao na toleo jipya kutoka kwenye seva, lakini kioo kinaendelea kuonyesha la zamani, na ukihifadhi, la zamani linafika kwenye seva likiwa limevaa cheo cha jipya. Dalili yake ni mteja kulalamika kwamba alishalipa nawe unakumbuka kuandika, lakini faili halina, wala hakuna nakala ya pembeni. Pa kutafuta ni historia ya matoleo kwenye tovuti ya dropbox.com, chini ya `Version history`, ambako utaona la 42 bado lipo nyuma ya la 43. Kwa akaunti ya bure historia hiyo hutunzwa siku 30, kwa hiyo malalamiko ya mteja yasisubiri mwisho wa robo mwaka.

Si kila mfumo unaangalia asili ya toleo. Ipo mingine inayotazama saa, nayo ndiyo ambayo kweli toleo la karibuni hushinda, au tuseme toleo linalodai kuwa la karibuni. Mfano ulio wazi ni Syncthing, ambayo husawazisha vifaa moja kwa moja bila seva ya katikati. Nayo hugundua mgongano kwa kufuata nani alikuwa na habari za nani, lakini ikishagundua, uamuzi wa nani abaki na jina huufanya kwa saa ya mabadiliko iliyoandikwa kwenye faili: lenye saa ya nyuma zaidi ndilo linalopewa jina refu lenye neno `sync-conflict`. Programu nyingine nyingi za kuandika kumbukumbu fupi, orodha na mipangilio huenda mbali zaidi, kwa kuwa zikishalinganisha saa, toleo lililoshindwa hulitupa bila kuacha nakala. Kwa jambo dogo kama orodha ya vitu vya sokoni, huo ni uamuzi unaoeleweka. Kwa madeni, mimi siukubali.

Hatari ya kuamua kwa saa ni kwamba saa inayotumika ni ya kifaa chako mwenyewe, na hapa mjini nimeona kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika ambazo saa zake si sahihi japo zinaonekana kuwa sahihi. Hutokea hivi. Kompyuta inakuja ikiwa bado na ukanda wa saa wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambao katika mwezi kama Februari uko nyuma ya saa ya dunia kwa saa 8, ilhali Dar es Salaam iko mbele yake kwa saa 3. Mnunuzi anaona saa imekosewa, anazima upangaji wa saa wa moja kwa moja, na kuisogeza mishale mpaka ilingane na ya ukutani. Kwa macho imerekebishwa. Lakini mafaili ya kwenye diski ya Windows hayaandikiwi saa ya ukutani. Huandikiwa saa ya dunia, ambayo kompyuta huipata kwa kujumlisha tofauti ya ukanda inaoamini iko. Saa 2 asubuhi ya Tabata ni saa 11 alfajiri kwa saa ya dunia, yaani 05:00, lakini kompyuta hii itaongeza saa 8 juu ya 08:00 na kuandika 16:00. Iko mbele kwa saa 11 kamili. Ukiandika kitu kwenye kompyuta hiyo saa 2 asubuhi, kwa mfumo unaoamua kwa saa kitahesabiwa kuwa cha saa 1 usiku, na kila mgongano utakaohusu kitu hichohicho ulichoandika kwenye simu mchana kutwa utaamuliwa kwa kuipa kompyuta ushindi.

Kwa mgongano wako wa Dropbox hili halikuhusika, lakini kama kompyuta yako ilinunuliwa ikiwa imetumika, au unatumia programu nyingine za kusawazisha, ni vizuri kuhakikisha. Fungua dirisha la amri na uandike:

```
tzutil /g
```

Jibu linalotakiwa ni `E. Africa Standard Time`. Likiwa jingine, liweke sawa kwa amri hii, kisha uwashe tena upangaji wa saa wa moja kwa moja:

```
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
```

Ukipendelea kutumia mipangilio ya kawaida, usiitafute Dar es Salaam kwenye orodha ya Windows, kwani haimo. Ukanda wetu umeandikwa `(UTC+03:00) Nairobi`.

Tuje sasa kwenye kuyaunganisha mafaili yako. Wengi huyafungua mawili hayo bega kwa bega na kuanza kutafuta tofauti, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu mafaili mawili peke yake hayatoshi. Ukiona mteja yumo katika moja na hayumo katika jingine, huwezi kujua kama alifutwa huku baada ya kumaliza deni au aliongezwa kule kama mteja mpya. Linalokujulisha ni faili la tatu, yaani toleo la 41, lile ambalo vifaa vyote viwili vilianzia. Kama alikuwamo ndani ya la 41, basi alifutwa. Kama hakuwamo, basi aliongezwa.

Kulipata, kwanza nakili mafaili yote mawili uliyonayo na kuyaweka kwenye folda iliyo nje kabisa ya Dropbox, moja uliite Simu.xlsx na jingine Kompyuta.xlsx. Kisha nenda kwenye historia ya matoleo ya Madeni.xlsx, tafuta toleo la mwisho lililotangulia lile la Jumanne asubuhi, na ulirudishe. Kulirudisha hakufuti matoleo yaliyofuata. Toleo hilo huwekwa tu juu ya orodha kama toleo jipya. Faili likishashuka kwenye kompyuta, linakili nalo kwenye ile folda ya nje na uliite Asili.xlsx. Wakati wote huu simu isiguse faili hilo, na ni salama zaidi kazi hii uifanye jioni baada ya kufunga duka.

Fungua kitabu kipya cha Excel na uhamishie karatasi hizo tatu ndani yake, uzipe majina Asili, Simu na Kompyuta, kisha uongeze ya nne tupu. Kabla ya kulinganisha, hakikisha mistari imepangika sawa katika zote tatu: mteja aliye mstari wa 2 katika Asili awe mstari wa 2 pia katika hizo nyingine. Wateja wapya wahamishie chini kabisa, na aliyefutwa mwachie mstari mtupu mahali alipokuwa. Kama jina liko safu ya A na baki la deni liko safu ya B, andika hivi katika seli ya B2 ya karatasi ya nne na uivute kwenda chini:

```
=IF(Simu!B2=Asili!B2,Kompyuta!B2,IF(Kompyuta!B2=Asili!B2,Simu!B2,"ANGALIA"))
```

Excel yako ikikataa alama za mkato, weka nukta mkato badala yake, kwani hilo hutegemea mipangilio ya kanda. Maana ya fomula ni hii: kama simu haikubadilisha chochote, chukua cha kompyuta, kama kompyuta haikubadilisha chochote, chukua cha simu, kama zote mbili zilibadilisha, niitwe mimi.

Tuchukue wateja watatu wa mfano. Katika Asili, Mama Rehema anadaiwa shilingi 400,000, Mzee Hamisi 120,000, na Mama Zuhura 75,000. Kwenye simu, Mama Zuhura amemaliza deni na baki lake ni 0, Mama Rehema amebaki na 250,000, na Mzee Hamisi hajaguswa. Kwenye kompyuta, Mzee Hamisi amechukua mzigo mwingine na baki lake limefika 210,000, Mama Rehema amebaki na 350,000, na Mama Zuhura bado ni 75,000. Fomula itampa Mzee Hamisi 210,000 na Mama Zuhura 0, na yote mawili ni sahihi. Kwa Mama Rehema itaandika ANGALIA.

Huyu wa mwisho ndiye anayestahili muda wako, kwa sababu kwake hakuna faili lililo sahihi. Simu inasema 250,000 kwa kuwa mchana alileta 150,000 mkononi. Kompyuta inasema 350,000 kwa kuwa usiku alituma 50,000 kwa simu, nawe ukayatoa kwenye 400,000 zilizokuwa mbele yako, ukiwa huoni malipo ya mchana. Baki la kweli ni 200,000, na namba hiyo haimo popote katika mafaili mawili. Hata mfumo wenye akili kiasi gani ungechagua mshindi kati ya 250,000 na 350,000, na kila mshindi angemdai Mama Rehema fedha alizokwisha kulipa. Hesabu sahihi hupatikana kwa kuangalia tofauti ya kila faili na Asili, 150,000 kwa simu na 50,000 kwa kompyuta, na kuzitoa zote mbili. Lakini hata hapo kuna tahadhari: kama mafaili yote mawili yangeonyesha 250,000, namba hizo pekee zisingekuambia kama Mama Rehema alilipa mara mbili, 150,000 kila mara, au ni malipo yaleyale uliyoyaandika dukani ukayaandika tena nyumbani kwa kusahau. Ndiyo sababu fomula inakuita hata pale ambapo simu na kompyuta zimebadilika na kukubaliana.

Hapa ndipo ninapoona tatizo lako la msingi lilipo, na wala si Dropbox. Unahifadhi baki, na baki ni jibu la hesabu ambayo hatua zake umezitupa. Mabaki mawili yanapogongana hakuna namna ya kuyapatanisha bila kukumbuka kilichotokea. Ungekuwa unaandika kila tukio kwenye mstari wake, yaani tarehe, mteja, amechukua kiasi gani au amelipa kiasi gani, na baki likawa linajumlishwa na Excel kwenye karatasi nyingine, mgongano wa juzi ungekuwa kazi ndogo sana: mistari iliyoongezwa kwenye simu na ile iliyoongezwa kwenye kompyuta ingewekwa pamoja, na 200,000 ingejitokeza yenyewe. Mistari isiyofutwa wala kusahihishwa haiwezi kugongana. Inaweza tu kuongezeka.

Wapo watakaokushauri uhamie Google Sheets, na ushauri huo una faida ya kweli, kwa sababu kule kinachotumwa kwenye seva ni badiliko la seli moja moja wala si faili zima. Ukimwandika Mzee Hamisi kwenye kompyuta na Mama Zuhura kwenye simu, yote mawili hubaki, hata kama kifaa kimoja kilikuwa nje ya mtandao na umekiwashia uwezo wa kufanya kazi bila intaneti. Lakini seli ileile ikiandikwa pande zote mbili, itakayofika kwenye seva mwisho ndiyo itakayosimama, na hutaona nakala ya pembeni ya kukushtua. Kwa mtindo wako wa sasa, Mama Rehema angeonekana na 350,000, na ungelazimika kufungua historia ya matoleo ili ujue kwamba 250,000 iliwahi kuwapo. Kwa hiyo badilisha kwanza namna ya kuandika, ndipo uamue unataka kuandikia wapi.

Katika kila mstari wa malipo ongeza safu moja ya utambulisho. Kwa fedha zilizotumwa kwa simu, andika namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo, ili malipo uliyoyaandika mara mbili yajulikane kwa kuwa na namba moja. Kwa fedha taslimu, andika namba ya risiti ya kitabu chako cha dukani. Ukishamaliza kuunganisha, hifadhi matokeo kwa jina la Madeni.xlsx ndani ya Dropbox, subiri alama ya kijani, kisha lifungue kwenye simu ukiwa na bando na umtafute Mama Rehema. Akionekana na 200,000 kwenye vifaa vyote viwili, faili lenye jina refu unaweza kuliondoa kwenye folda ya kazi, lakini ile folda ya nje yenye Asili, Simu na Kompyuta iache mpaka utakapokuwa umelinganisha hesabu na kila mteja aliyetokea kwenye neno ANGALIA.